Joto si tundu la ozoni: mitungi ya gesi ilivyonielewesha

Kila ifikapo Januari na Februari, Dar es Salaam inapochemka na simu za AC zisizopoza zinapofuatana, nasikia kauli ileile: "Fundi, ozoni imetoboka, jua linaingia lote, ndiyo maana joto limezidi." Anaisema mwenye duka la vinywaji baridi, anaisema mwalimu mstaafu, na wapo mafundi wenzangu wanaoisema huku geji zikiwa mkononi. Siku hizi sibishani nao kuhusu jua. Nawavuta karakana nikawaonyesha mitungi. Kazi yetu ya friji na AC ni moja ya kazi chache ambazo mtu anashika kwa mikono yake gesi inayokula ozoni, gesi inayoongeza joto duniani, na gesi inayofanya yote mawili. Ukizijua hizo gesi, huwezi tena kuchanganya habari mbili hizi.

Nilianza ufundi wakati R12, gesi ya friji za zamani, inaondoka sokoni. Mtungi wake ulikuwa mweupe, R22 ilikuja kwenye mtungi wa kijani, na R134a kwenye mtungi wa samawati. Mafundi wakubwa waliipenda R12 kupita kiasi. Haiwaki, haina sumu ya kukuangusha, haili kopa wala haiharibu oili ya kompresa. Ukikosea kuunga bomba unaiachia yote hewani, unaunga upya, unajaza nyingine. Hivyo ndivyo karakana zote zilivyofanya kazi, na hakuna aliyeona ubaya, maana gesi yenyewe haina rangi wala harufu ya kumsumbua mtu.

Siku moja tulipelekwa mafunzo ya matumizi ya gesi mbadala. Mkufunzi wetu, mzee mmoja aliyekuwa na subira ya ajabu, hakuanza na mazingira. Alichora ubaoni molekuli ya R12: atomu moja ya kaboni katikati, klorini mbili na florini mbili pembeni. Akatuambia, "Sifa zote mnazoisifia hii gesi ndizo zinazoiponza." Kwa kuwa haiungani na kitu, mvua haiioshi, udongo hauifyonzi, na mwanga wa jua unaofika chini hauna nguvu ya kuivunja. Ikishatoka kwenye bomba, haina kwa kwenda ila kuzunguka na upepo, na inaweza kukaa angani takriban miaka 100.

Hapo kijana mmoja akauliza swali ambalo wanagenzi wangu nao huniuliza mpaka leo: "Mzee, hii gesi ni nzito kuliko hewa. Ikivuja chumbani inalala sakafuni. Itapandaje mpaka huko juu?" Swali lina akili. Chumbani ni kweli inatanda chini, na ndiyo maana tunaambiwa tufungue milango. Lakini nje kuna upepo na mikondo ya hewa inayopanda, na mikondo hiyo huvuruga gesi zote pamoja, nzito na nyepesi, kilomita nyingi kwenda juu. Baada ya miaka michache, R12 iliyoachiwa Kariakoo inakuwa imefika stratosfia, tabaka linaloanza juu ya mawingu yetu ya mvua. Huko ndiko iliko ozoni nyingi, kati ya kilomita 15 na 35 kutoka ardhini.

Ozoni ni oksijeni, ila molekuli yake ina atomu tatu badala ya mbili. Ni chache mno. Ungeikusanya yote iliyo juu ya kichwa chako ukaishusha hapa chini kwenye mgandamizo wa usawa wa bahari, ingekuwa tabaka lenye unene wa milimita 3 hivi. Hizo milimita 3 ndizo zinazozuia sehemu kubwa ya mionzi ya urujuanimno, ile mikali ya jua inayounguza ngozi, kuleta saratani ya ngozi na mtoto wa jicho, na kudhuru mimea. Mionzi hiyohiyo, huko juu ambako bado haijachujwa, ndiyo yenye nguvu ya kuivunja R12. Ikivunjika, klorini inabaki huru. Klorini inainyang'anya ozoni atomu moja ya oksijeni, halafu inaiachia na kwenda kuishambulia ozoni nyingine. Yenyewe haiishi. Atomu moja inaweza kuharibu ozoni kwa maelfu mengi, hesabu inayotajwa mara nyingi ikiwa 100,000, kabla haijanaswa na gesi nyingine na kutulia.

Mario Molina na Sherwood Rowland walitoa onyo hilo mwaka 1974, wakati huo likiwa bado la kwenye makaratasi. Mwaka 1985 wanasayansi wa Uingereza waliokuwa wakipima ozoni katika kituo cha Halley, Antaktika, wakatangaza kwamba kila majira ya kuchipua ya huko ozoni ilikuwa ikipungua vibaya. Hilo ndilo tundu la ozoni, na nataka tuelewane lilipo. Liko Ncha ya Kusini, linajitokeza Agosti au Septemba, kisha hufifia mwishoni mwa mwaka. Linahitaji baridi kali ya stratosfia, chini ya nyuzi 78 chini ya sifuri, ili yatokee mawingu ya barafu ambayo juu yake klorini iliyotulia huamshwa tena. Hali hiyo haipo juu ya Tanzania. Hakuna tundu la ozoni juu ya Dar, wala Dodoma, wala Mombasa.

Jua letu lina ukali wake wa asili. Huku karibu na ikweta ozoni ni pungufu kidogo kuliko ya nchi za mbali na ikweta, na imekuwa hivyo tangu kabla ya friji kubuniwa. Jua nalo hutupigia karibu utosini, kwa hiyo mionzi inapita kwenye hewa kidogo kabla ya kutufikia. Ndugu zetu wenye ualbino wanahitaji kofia pana, mikono mirefu na mafuta ya kukinga ngozi kwa sababu hiyo pamoja na kukosa melanini, hata kama tundu la Antaktika lingezibika kesho.

Sasa turudi kwa mwenye duka la vinywaji. Ozoni ikipungua, je, si jua linaingia zaidi na kutuongezea joto? Mionzi inayozuiwa na ozoni ni mikali kwa seli za mwili, lakini ni sehemu ndogo sana ya nishati yote ya jua. Nishati nyingi ya jua inakuja kama mwanga tunaouona na mionzi ya jirani yake, na hiyo ozoni inaiacha ipite, iwe nyingi au chache. Tena ozoni yenyewe ni gesi inayozuia joto. Ikipungua kule juu, matokeo yake kwa jumla ni kupoza dunia kidogo, si kuipasha. Hili huwashangaza wengi, na nilipolisikia mara ya kwanza nilidhani mkufunzi amechanganya maneno.

Kinachopasha ni jambo lingine kabisa, na linahusu joto linalotoka, si mwanga unaoingia. Jua linapiga ardhi, ardhi inapata joto, na ardhi yenye joto inatoa mionzi yake kwenda juu. Mionzi hii haionekani kwa macho. Ni infraredi, ileile unayoihisi mkononi ukiusogeza karibu na ukuta uliokaa juani kutwa nzima. Naitrojeni na oksijeni, ambazo ni karibu asilimia 99 ya hewa kavu, zinaiacha ipite kana kwamba hazipo. Wanaoizuia ni wachache: mvuke wa maji, hewa ukaa, methani, oksidi ya naitrojeni, na gesi zetu za friji. Zinainyonya, kisha zinaitoa tena kila upande, nyingine ikirudi chini. Ardhi inapokea jua pamoja na hicho kinachorudi, na inabaki na joto zaidi kuliko ambavyo ingekuwa bila gesi hizo. Hiyo ndiyo athari ya gesijoto.

Anayetaka kuiona kwa mwili wake asubiri usiku. Dodoma mwezi Julai mchana unavua shati, lakini saa kumi alfajiri unatafuta koti. Hewa ni kavu, mbingu ni wazi, na joto la ardhi linakwenda zake. Dar es Salaam jua nalo huzama kila siku, lakini Februari unalala umelowa jasho. Bahari inachangia, ni kweli, ila mvuke mwingi ulioko hewani unarudisha joto chini usiku kucha. Nyanda za juu za Njombe wanajua zaidi: usiku usio na wingu ndio unaoleta umande wa barafu kwenye viazi, na usiku wa mawingu mkulima analala kwa amani. Hakuna jua saa hizo, na ozoni haihusiki kwa namna yoyote.

Athari hii yenyewe si ubaya. Bila gesijoto wastani wa joto la uso wa dunia ungekuwa kama nyuzi 18 chini ya sifuri, wakati sasa ni kama nyuzi 15 juu ya sifuri. Tungekuwa barafu. Tatizo ni nyongeza. Kabla ya viwanda, katika kila molekuli milioni moja za hewa, 280 hivi zilikuwa za hewa ukaa. Leo zimepita 420, kwa sababu ya makaa ya mawe, petroli, dizeli, gesi na misitu inayofyekwa.

Kuna ushahidi mmoja ninaoupenda kwa sababu unamaliza ubishi wa "jua linaingia zaidi". Vipimo vya maputo na setilaiti vinaonyesha kwamba hewa ya chini imepata joto wakati stratosfia imepoa. Kama jua ndilo lingekuwa limeongezeka, tabaka zote mbili zingepashwa pamoja. Kupoa kwa stratosfia kuna mkono wa ozoni iliyopungua, maana ozoni ndiyo inayolipasha tabaka hilo kwa kunyonya urujuanimno. Na kuna mkono wa hewa ukaa, ambayo kule juu kwenye hewa nyembamba husaidia kutoa joto kwenda anga za mbali. Gesi ileile inapasha chini na kupoza juu.

Chanzo cha mkanganyiko wa watu, kwa maoni yangu, ni R12 yenyewe. Gesi hiyo ina makosa mawili yasiyohusiana. La kwanza ni klorini, inayokula ozoni. La pili ni kwamba molekuli yake inanyonya infraredi mahali ambapo mvuke na hewa ukaa huacha wazi, kwa hiyo inaziba njia ambayo joto lilikuwa linatokea. Kilo moja ya R12, ikipimwa kwa kipindi cha miaka 100, inazuia joto sawa na takriban kilo 10,900 za hewa ukaa. Mtu akiambiwa kwamba gesi za friji zinaharibu ozoni na pia zinapasha dunia, anaunganisha mwenyewe kwamba moja ndiyo sababu ya nyingine.

R134a ndiyo iliyozitenganisha. Ililetwa kuchukua nafasi ya R12 na haina klorini hata chembe. Kwa ozoni ni sifuri. Friji zilianza kuja na kibandiko kinachosema ni salama kwa ozoni, na kibandiko kilikuwa kinasema kweli. Lakini kilo moja ya R134a inazuia joto kama kilo 1,430 za hewa ukaa. R22 ya AC iko katikati: ina klorini moja, ila pia ina haidrojeni inayoifanya ivunjike mapema, katika miaka 12 hivi, hivyo nyingi haifiki juu. Kwa ozoni madhara yake ni kama sehemu moja ya ishirini ya R12, na kwa joto ni 1,810. Kisha ikaja R410A, isiyogusa ozoni, ila kwa joto ni 2,088, yaani mbaya kuliko R22 iliyoirithi. Kama ozoni na joto vingekuwa kitu kimoja, namba hizi zisingepishana namna hiyo.

Nikupe kazi moja niliyoipokea. Mama mmoja wa Mbagala, muuza barafu na juisi, aliniita: "Fundi, hili friji nimechoka nalo. Kila baada ya muda linajazwa gesi, linapoza wiki chache, linarudi palepale." Nilisoma kibati nyuma: R134a, gramu 120. Nikapaka povu la sabuni kwenye maungio yote, nikakuta linatoa mapovu kwenye kiungo kimoja karibu na kompresa kilichochomelewa ovyo. Waliotangulia walikuwa wanajaza tu bila kutafuta tundu. Nikamwambia, "Mama, gesi haichakai. Friji halinywi gesi kama gari linavyokunywa mafuta. Ikipungua, imetoka." Kisha nikamfanyia hesabu kwenye boksi la sabuni. Gramu 120 mara 1,430 ni kilo 171 na ushee za hewa ukaa. Lita moja ya petroli ikichomwa hutoa kilo 2.3 hivi. Kwa hiyo kila mara friji lile lilipojazwa na kuvuja lote, ilikuwa sawa na kuchoma lita 74 au 75 za petroli, mafuta ya bodaboda anayetumia lita 3 kwa siku kwa karibu siku 25. Ozoni haikuguswa hata kidogo.

Friji la zamani la R12 lenye gramu 150 likivuja lote, hesabu inafika zaidi ya lita 700, na juu yake unaongeza klorini. La R600a, ambalo ndilo linaloingia madukani sasa, lina gramu 50 hivi na kila gramu ni kama 3 za hewa ukaa. Jumla gramu 150, sawa na petroli ya mililita 65.

R600a ni isobutani, jamaa wa gesi ya kupikia, na inawaka. Hapo ndipo mafundi wanapoumia. Friji la R600a halichomelewi likiwa na gesi ndani, na friji lililotengenezwa kwa R134a halijazwi R600a kwa kuwa tu ni nafuu. Swichi na rilei zake hazikuundwa kukaa karibu na gesi inayowaka. Kibati cha kompresa kina alama ya moto. Kisome kabla hujawasha tochi ya kuchomelea.

Tatizo lingine ni mitungi ya uongo. Samawati haimaanishi tena kwamba ndani kuna R134a. Ninachofanya ni kuuacha mtungi kivulini mpaka ufikie joto la chumba, kisha naunganisha geji. Kwenye nyuzi 30, R134a safi inasoma karibu PSI 97. Geji ikipanda hadi 150 na zaidi, hiyo ni R22 au mchanganyiko wenye R22, rudisha. Njia hii ina mpaka wake: R12 kwenye nyuzi 30 inasoma karibu 93, na geji ya kawaida haikutofautishii vizuri 93 na 97. Kwa hiyo gesi ya kula ozoni inaweza kukaa kwenye mtungi wa samawati na geji isiseme kitu. Hapo kinahitajika kifaa cha kutambua gesi, ambacho karakana nyingi za mitaani hazina.

Tiba za matatizo haya mawili nazo zilikwenda njia tofauti. Mkataba wa Montreal ulisainiwa Septemba 1987, na sekretarieti yake iko Nairobi. Uliweza kufanya kazi kwa sababu waliotengeneza gesi zile walikuwa viwanda vya kuhesabika, na mbadala ulipatikana. Nchi zinazoendelea ziliacha R12 na jamaa zake mwaka 2010. Tathmini ya wanasayansi ya mwaka 2022 inatarajia ozoni irudi hali ya mwaka 1980 kufikia kama 2040 sehemu nyingi za dunia, na kama 2066 Antaktika. R134a haikuwamo kwenye mkataba huo, maana haikuwa na kosa kwa ozoni. Ilibidi nchi zikutane Kigali, Oktoba 2016, na kukubaliana kuipunguza kwa sababu ya joto peke yake. Mkataba wa ozoni ukapewa kazi ambayo si ya ozoni, na hilo nalo limewachanganya watu. Hewa ukaa haina njia fupi hivyo, kwa kuwa inatoka kwenye injini, jiko, kiwanda cha saruji na mtambo wa umeme kila mahali.

Wanaonisumbua zaidi siku hizi ni wanunuzi wa chuma chakavu. Friji la zamani linafika kwao, wanakata bomba la kompresa kwa msumeno, gesi inatoka kwa sekunde chache, wanachukua kopa. Nimekubaliana na wawili watatu wa jirani waniite kwanza, nivute gesi kwa mashine na kuitia kwenye mtungi wa akiba. Lakini povu lililo ndani ya kuta za friji za enzi ya R12 lilipulizwa kwa ndugu yake, R11, nayo ina klorini. Mara nyingi R11 iliyomo kwenye povu ni nyingi kuliko R12 iliyokuwa kwenye mabomba, na inatoka polepole povu likivunjwavunjwa au kuchomwa. Kwa hiyo mashine yangu ninayoivutia gesi haiwezi kitu. Nawaambia wasilichome, waliache vipande vikubwa, na wao huniuliza waliweke wapi.